Kabla ya Kutoa Nyuzinyuzi: Namna ya Kulisoma Jedwali la Sosi na Vitafunwa

Wakubwa zangu shikamooni, na wenzangu wote habari za jioni.

Wiki iliyopita dada mmoja, ambaye leo yumo humu ukumbini na ameniruhusu nisimulie, alinijia na pakiti ya biskuti za mbegu na kijikaratasi cha hesabu. Kwenye jedwali la pakiti aliona wanga gramu 10 na nyuzinyuzi gramu 20, kwa kila gramu 100 za biskuti. Akatoa 20 kwenye 10, akapata hasi 10. Akaniuliza kwa dhati kabisa, "Mwalimu, ina maana biskuti hizi zinaniondolea wanga nilioula asubuhi?"

Nilimwambia hesabu yake ya kutoa haina kosa hata kidogo. Alifuata kanuni ambayo wengi wetu tumeipokea siku tulipoanza kupunguza wanga: chukua wanga, toa nyuzinyuzi, kinachobaki ndicho wanga halisi. Tatizo ni kwamba kanuni ile iliandikwa kwa ajili ya jedwali la aina moja, na yeye alikuwa ameshika jedwali la aina nyingine. Dada yetu alipata bahati kwamba jibu lake lilitoka hasi, kwa sababu lilimshtua. Pakiti nyingi zingempa jibu la gramu 3 au 4, lenye sura nzuri na la uongo, na angelibeba mpaka nyumbani. Ndiyo maana jioni hii nataka tukae na jambo hili bila haraka.

Nikisema wanga, nina maana ya kabohaidreti zote kwa pamoja: sukari, stachi, na kulingana na jedwali, pengine nyuzinyuzi pia. Hiyo "pengine" ndiyo inayotusumbua.

Tuanze na sababu ya kutoa. Nyuzinyuzi ni kabohaidreti, lakini vimeng'enya vya utumbo mwembamba haviwezi kuzikata. Zinapita zikiwa nzima hadi utumbo mpana, na huko bakteria huchachusha sehemu yake. Mwili hupata nishati kidogo kutokana na uchachushaji huo, makadirio ya kawaida ni kilokalori 2 kwa gramu, lakini nishati hiyo haiji kama glukosi. Kwa hiyo nyuzinyuzi hazipandishi sukari ya damu kama stachi inavyopandisha, na mtu anayehesabu wanga ana haki ya kuziweka kando. Hadi hapo kanuni ni sahihi.

Sasa swali ni hili: je, aliyechapa jedwali ameshaziweka kando kabla yako?

Kuna familia mbili za majedwali. Marekani na Kanada, mstari wa wanga ni jumla ya kila kitu, na nyuzinyuzi zimo ndani ya jumla hiyo. Ukiona wanga gramu 9 na nyuzinyuzi gramu 6, zile 6 ni sehemu ya zile 9, nawe unatoa ili ubaki na 3. Umoja wa Ulaya, kwa Kanuni namba 1169 ya mwaka 2011, umeweka utaratibu mwingine: mstari wa wanga unahesabu tu ule unaomeng'enywa mwilini, na nyuzinyuzi zinasimama nje, kwenye mstari wao wenyewe. Uingereza inafuata utaratibu huo, na Australia na Nyuzilandi nazo huziweka nje. Kwenye jedwali la familia hii hakuna nyuzinyuzi za kutoa. Zimeshatolewa kiwandani. Ukizitoa tena, umezitoa mara mbili.

Bidhaa husafiri, na lebo haiandiki usoni kwamba "mimi ni wa familia fulani." Lakini kuna dalili.

Ya kwanza ni umbo la jedwali lenyewe. Kwenye lebo ya Kimarekani, mstari wa nyuzinyuzi umesogezwa ndani kidogo chini ya mstari wa wanga, kama mtoto aliyesimama chini ya mzazi, na sukari imesogezwa vivyo hivyo. Kwenye lebo ya Kiulaya, sukari tu ndiyo imesogezwa chini ya wanga. Nyuzinyuzi, kama zimeandikwa, zinaanza ukingoni kabisa, sawa na mafuta na protini, na mara nyingi ziko kati ya sukari na protini. Nasema "kama zimeandikwa" kwa sababu Ulaya hazilazimishwi. Jedwali la Kiulaya lisilo na mstari wa nyuzinyuzi halina upungufu kwako, maana ule wanga uliouona ndio unaouhesabu.

Dalili nyingine ni ile iliyomkuta dada yetu. Nyuzinyuzi zikiwa nyingi kuliko wanga, basi haziwezi kuwa ndani yake. Kikombe hakiwezi kubeba maji mengi kuliko ujazo wake. Biskuti zake zina wanga halisi gramu 10 kwa kila gramu 100, na hapo hakuna cha kupunguza.

Dalili ninayoiamini kuliko zote ni nishati, na hii naomba tuifanye pamoja kwa utulivu, kwa sababu ukishaizoea inakuchukua dakika moja na inakupa jibu hata kama lebo imechapwa kwa lugha usiyoijua vizuri.

Kila kirutubisho kina nishati yake kwa gramu: mafuta kilokalori 9, protini 4, wanga unaomeng'enywa 4, nyuzinyuzi 2. Tuchukue vitafunwa vya kokwa na mbegu vilivyookwa, ambavyo jedwali lake linasema hivi kwa gramu 100: mafuta 30, wanga 30, nyuzinyuzi 12, protini 18. Mafuta yanatupa 270, protini 72. Hizo ni 342, na hazibadiliki kwa familia yoyote. Sasa tujaribu upande wa wanga.

Kama nyuzinyuzi ziko nje, wanga wote wa gramu 30 unameng'enywa, unatoa 120, na nyuzinyuzi 12 zinatoa 24 juu yake. Jumla kuu ni 486. Kama nyuzinyuzi zimo ndani, wanga unaomeng'enywa ni gramu 18 tu, unatoa 72, pamoja na 24 za nyuzinyuzi. Jumla kuu ni 438. Angalia juu ya jedwali. Ukikuta namba iliyo karibu na 486, wanga wako halisi ni gramu 30. Ukikuta iliyo karibu na 438, wanga wako halisi ni gramu 18. Pakiti ni ileile, mistari minne ni ileile, na tofauti ni gramu 12.

Kuna jambo moja la kuangalia. Baadhi ya watengenezaji wa Marekani hukadiria nishati kwa kuhesabu kila gramu ya wanga kwa 4, pamoja na nyuzinyuzi, na hapo utapata 462. Hiyo bado ni familia ya nyuzinyuzi zilizomo ndani, kwa hiyo jibu linabaki 18. Namba huwa zinakadiriwa pia, basi usitafute ulingano wa kilokalori moja. Tafuta iliyo karibu zaidi. Na hakikisha unasoma kilokalori. Lebo nyingi huandika pia kilojuli, ambayo ni namba kubwa zaidi ya mara nne, na nimewahi kuona mtu mzima akihangaika nusu saa kwa sababu alishika mstari wa kilojuli.

Nyuzinyuzi zikiwa chache, tuseme gramu 1 au 2, jaribio hili halitakwambia kitu, kwa sababu tofauti inamezwa na makadirio. Lakini hapo pia kosa lako, hata ukikosea, ni la gramu 1 au 2. Jaribio lina nguvu pale pale ambapo kosa lingekuwa kubwa.

Nikiwa na shaka iliyobaki, mimi sitoi. Nahesabu wanga kama ulivyoandikwa. Afadhali nikose biskuti moja niliyostahili kuliko kula tatu nisizostahili.

Sasa niwaeleze kisa changu, kwa sababu nyuzinyuzi si kitu pekee ambacho watu hukitoa.

Nina kisukari cha aina ya pili, situmii insulini, na nina mashine ya kupimia sukari nyumbani. Kuna kipindi nilipenda kipande fulani cha vitafunwa, kile cha kutafuna kilichopakwa chokoleti, cha gramu 60. Mbele ya pakiti kulikuwa na maandishi makubwa kwamba kina gramu 4 tu za wanga halisi. Nyuma, jedwali la aina ya Kimarekani lilisema: jumla ya wanga gramu 24, nyuzinyuzi 12, sukari 1, na alkoholi za sukari, yaani vile viongeza utamu vinavyowekwa badala ya sukari, 8. Nikafanya hesabu: 24 toa 12 toa 8, inabaki 4. Mbele na nyuma vinakubaliana. Nilikula kwa amani.

Siku moja, kwa kudadisi tu, nilijipima kabla ya kula, nikakuta milimoli 6.0 kwa lita. Nikala kile kipande peke yake, bila kingine chochote. Saa moja baadaye nilikuwa 8.9. Siku mbili baadaye nikarudia, na matokeo yakawa yaleyale kwa karibu sana. Gramu 4 za wanga hazinifanyii hivyo, najijua. Ndipo nikageuza pakiti na kusoma kitu ambacho sikuwa nimekisoma hata mara moja, yaani orodha ya viambato.

Alkoholi za sukari zilizokuwemo zilikuwa maltitoli. Ndugu zangu, jina "alkoholi za sukari" linatupoteza, kwa sababu linakusanya vitu vyenye tabia tofauti chini ya namba moja. Erithritoli, ile ambayo kwenye lebo za Kiulaya huandikwa pia E968, hufyonzwa kwa wingi kwenye utumbo mwembamba, huzunguka kwenye damu bila kugeuzwa kuwa glukosi, kisha hutoka kwa mkojo. Hiyo unaweza kuitoa yote. Maltitoli, E965, imejengwa kwa glukosi moja iliyoshikana na sorbitoli. Vimeng'enya vya utumbo hukikata kiungo hicho, si chote, lakini sehemu ya kutosha, na ile glukosi inaingia kwenye damu kama glukosi nyingine yoyote. Kuitoa maltitoli yote ni kujidanganya. Wanaohesabu kwa uangalifu hutoa nusu yake, na nusu hiyohiyo hutumika kwa sorbitoli, ksailitoli na isomalti pale ambapo hujui zaidi.

Kwa hiyo kipande changu kilipaswa kuhesabiwa 24 toa 12 toa 4, ambayo ni gramu 8. Mara mbili ya kilichoandikwa mbele. Na mwenye kuandika mbele hakuvunja sheria, kwa sababu Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani haijaweka maana rasmi ya wanga halisi. Kinachosimamiwa ni jedwali. Namba ya mbele ni hesabu ya muuzaji, nawe una haki ya kufanya yako.

Hata gramu 8 hazikueleza vizuri kile nilichokiona kwenye mashine. Nikaendelea kusoma. Nyuzinyuzi gramu 12 kwenye kipande kitamu cha gramu 60 ni nyingi sana, na nilitaka kujua zinatoka wapi. Orodha ilitaja sirapu ya isomalto-oligosakaridi, na ilikuwa kiambato cha kwanza, maana yake ndicho kizito kuliko vyote. Sirapu hii hutengenezwa kutokana na stachi, na kwa muda mrefu ilikuwa ikiuzwa kama nyuzinyuzi. Ina utamu, jambo ambalo peke yake lingepaswa kunishtua. Sehemu kubwa yake humeng'enywa tumboni. Basi zile gramu 12 nilizokuwa nikizitoa kwa ujasiri hazikuwa nyuzinyuzi za ganda la mbegu au za mboga. Nyingine zilikuwa zinaishia kwenye damu yangu. Hakuna namna ya kupata namba kamili hapo kwa kutumia jedwali peke yake. Ninachofanya ni kuacha kutoa nyuzinyuzi za aina hiyo, na kwa kipande kile hilo linanipa gramu 20 badala ya 4. Kikawa hakinifai.

Kwenye lebo za Kiulaya, kumbukeni kwamba nyuzinyuzi ziko nje lakini alkoholi za sukari zimo ndani ya wanga. Kwa hiyo pale unaweza kuwa na kitu cha kutoa, ila si nyuzinyuzi. Shida ni kwamba mara nyingi kiasi chake hakiandikwi. Kuna ishara moja inayosaidia: chakula chenye zaidi ya asilimia 10 ya alkoholi hizi zilizoongezwa hulazimika kuwa na onyo kwamba kikiliwa kupita kiasi kinaweza kuharisha. Ukiona onyo hilo na huoni kiasi, unajua zimo nyingi, lakini hujui ngapi. Kisichoandikwa hakitolewi. Hiyo kwangu ni kanuni.

Niongeze neno moja juu ya mstari wa sukari, nisilirudie tena. Watu huruka moja kwa moja hadi kwenye sukari, wakikuta 0 wanafurahi. Mstari ule huhesabu sukari ndogondogo tu. Stachi haimo, na maltodekstrini kwa sehemu yake kubwa haimo, ilhali maltodekstrini hugeuka glukosi tumboni haraka sana. Vitafunwa vilivyopakwa unga wa viungo hubeba maltodekstrini mara nyingi, na sosi nzito zisizo na mafuta hubeba stachi iliyogeuzwa ili zishikamane. Anayehesabu wanga asome mstari wa wanga.

Tuje kwenye sosi, ambako ugomvi ni wa namna nyingine. Kwenye sosi nyingi nyuzinyuzi ni chache hivi kwamba suala la familia halina uzito. Kinachotupiga ni kipimo.

Sosi ya nyanya ya kawaida, ile ya chupa, ina wanga karibu gramu 27 kwa kila gramu 100, na sehemu kubwa ni sukari. Lebo nyingi huweka kipimo kimoja kuwa kijiko cha chakula, gramu 17 hivi, chenye wanga gramu 5. Mtu anasoma 5, anasema ni sawa, anaifungua chupa na kuminya. Nawaomba mfanye jambo hili mara moja tu: weka sahani tupu juu ya mizani ya jikoni, bonyeza irudi sifuri, kisha minya sosi kama unavyominya siku zote, bila kujizuia kwa sababu unapimwa. Soma. Mimi nilipofanya hivyo nilikuta gramu 48. Hiyo ni wanga gramu 13. Kama umejiwekea gramu 20 kwa siku, kiwango kinachotumika na wengi wanaofuata mlo mkali wa kupunguza wanga, sosi pekee imekula zaidi ya nusu. Kama mpango wako ni gramu 100 au zaidi, gramu 13 huenda zikaingia bila shida. Ndiyo maana sipendi kuulizwa kama sosi fulani inafaa, bila kuambiwa siku nzima ya mtu ina nafasi kiasi gani.

Sosi tamu ya pilipili na sosi ya nyama choma huwa nzito zaidi kwa wanga, mara nyingi gramu 40 na kuendelea kwa kila 100. Mayonezi yenye mafuta kamili haifiki hata gramu 2 kwa kawaida. Haradali isiyotiwa sukari nayo iko chini. Lakini mayonezi iliyopunguzwa mafuta ni kitu kingine kabisa, kwa sababu mafuta yakitoka lazima kitu kingine kishike nafasi yake, na mara nyingi kitu hicho ni stachi na sukari. Msiibebe kwa kuamini jina.

Sasa kuna ile sifuri. Kwa sheria za lebo za Marekani, kilicho chini ya nusu gramu kwa kipimo kimoja kinaruhusiwa kuandikwa 0. Fikiria sosi ambayo kipimo chake kimewekwa kuwa kijiko kidogo cha gramu 5, na jedwali linasema wanga 0. Ndani ya kijiko kile inaweza kuwa na gramu 0.4. Ukipanda hadi gramu 100, hiyo ni 8. Ukitumia gramu 60 kwenye saladi kubwa, umekula karibu gramu 5 za wanga kutoka kwenye sosi yenye sifuri. Utajuaje? Soma viambato. Sukari, asali, sirapu au stachi ikitajwa miongoni mwa viambato vitatu vya mwanzo, ile sifuri imetokana na udogo wa kijiko. Na kama lebo ina safu ya gramu 100, achana na safu ya kipimo kabisa. Safu ya gramu 100 ndiyo inayokuruhusu kulinganisha chupa na chupa bila kujali nani amechagua kijiko kidogo zaidi.

Hapa lazima niseme na wenzangu wanaotumia insulini au vidonge vinavyosukuma kongosho kutoa insulini. Hesabu ya wanga kwenu inaamua dozi, na kosa la pande zote mbili lina madhara. Ukihesabu wanga zaidi ya uliomo, ukachoma insulini ya wanga huo, sukari yako inaweza kushuka hadi hatari. Msianze kutumia wanga halisi kupanga dozi, wala msipunguze wanga ghafla, kabla ya kukaa na daktari wenu na kukubaliana ni nini kinatolewa na nini hakitolewi.

Turudi kwa dada yetu na biskuti zake, maana sikumaliza. Baada ya kuelewana kwamba ni gramu 10 kwa kila 100, tuliuliza swali lililofuata: yeye anakula ngapi? Alisema nne. Tukazipima, zikawa gramu 24. Wanga halisi gramu 2.4. Uso wake ukachangamka, kwa sababu alidhani nimekuja kumnyang'anya. Biskuti zile zilikuwa zinamfaa tangu mwanzo, hata kwenye siku yake ya gramu 30.

Kisha nikamuuliza anazila na nini. Akasema anazichovya kwenye sosi ya nyanya. Tukaiweka bakuli kwenye mizani, akajaza kama kawaida yake: gramu 40. Chupa ilisema 27 kwa 100, kwa hiyo gramu 10.8. Alikaa akaitazama ile karatasi, hasi 10 ya juu na 10.8 ya chini, na muda wote alikuwa amehangaikia biskuti.

Tulichanganya mayonezi ya mafuta kamili na haradali kidogo, gramu 40 zilezile, jumla ya wanga chini ya gramu 1. Akachovya biskuti ya kwanza, akasema haradali imezidi. Ya pili tuliipunguza.